Sabtaito za Kijerumani zinampita msomaji, nikate wapi?

*Mkuu habari. Tumetengeneza filamu fupi ya dakika 14, tumeshutia soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, watu wanaongea Kiswahili cha haraka haraka. Tamasha moja la Ujerumani wameikubali ila wanataka sabtaito za Kijerumani. Rafiki yangu aliyesoma huko katafsiri kila neno, tukamwonyesha Mjerumani mmoja, anasema hamalizi kusoma hata nusu. Nikipunguza naona kama naua maneno ya waigizaji. Kuna kipimo? Halafu kuna mhusika tumemficha jinsia mpaka mwisho, kwa Kijerumani inawezekana?*

Salama mkuu, hongereni kwa kukubaliwa. Kipimo kipo, na kwanza waulize hao wa tamasha kama wana cha kwao, maana wakiwa nacho ndo unafuata hicho. Wasipokupa, chukua mwongozo wa Netflix wa Kijerumani ambao watu wengi wanautumia hata kwa kazi zisizo za Netflix: mstari mmoja usizidi herufi 42, mistari miwili tu kwenye skrini, na kwa watu wazima isizidi herufi 17 kwa sekunde. Hapo nafasi na alama zote zinahesabiwa kama herufi. Mimi kwa filamu fupi ambayo mtazamaji anatakiwa aangalie na picha huwa nalenga 15, hiyo 17 naiacha iwe ukuta ambao siuvuki.

Sasa tuchukue mstari mmoja tuufanyie kazi, itaeleweka vizuri zaidi kuliko mimi kuongea juu juu. Sijaona skripti yako kwa hiyo natunga wa kufanana na Mwaloni. Mama muuza dagaa anamwambia kijana wa mtumbwini, kwa spidi ile unayoijua: "We Juma mwanangu, nilishakwambia tangu juzi, tajiri hana hela mpaka giza liingie." Tuseme amechukua sekunde 4. Rafiki yako nadhani angeandika hivi:

```
Juma, mein Kind, ich habe dir doch schon vorgestern gesagt, dass der Bootsbesitzer kein Geld hat, bis es dunkel wird.
```

Hizo ni herufi 117. Gawa kwa 4 unapata 29 na kidogo kwa sekunde, karibu mara mbili ya ninayolenga, na hata mistari miwili ya 42 haiwezi kuibeba. Mjerumani wenu hakosei kabisa.

Kabla hujagusa neno lolote tafuta muda kwanza. Watu wengi wanafunga sabtaito pale pale mdomo unapofunga, wakati mama akimaliza kuongea kijana anakaa kimya anamwangalia, huo ukimya ni mali yako. Ukiiacha sabtaito ikae nusu sekunde zaidi umeshapata herufi 7 au 8 za bure. Masharti ni mawili: isigonge sabtaito inayofuata (acha walau fremu 2 katikati), na isivuke pale picha inapokata kwenda shoti nyingine kwa fremu chache, maana jicho likiona picha imebadilika linadhani na maandishi yamebadilika, linarudi kusoma upya, na muda wote uliouongeza umepotea. Tuseme kwenye mfano wetu picha inakata pale pale mama anapomaliza, hatuna cha kuongeza, tunabaki na 4.

Basi tunakata. Cha kwanza kuangalia ni kile ambacho mtazamaji tayari anakisikia. "Juma" analisikia, ni jina, halihitaji tafsiri, na kama ameshaitwa hivyo kwenye sini mbili nyuma huna haja ya kuliandika tena. Kuwa makini kinyume chake pia: jina ambalo linatamkwa wazi na lina kazi kwenye hadithi, tuseme mtu anataja Ukerewe kwa mara ya kwanza, usilitoe, maana mtazamaji amelisikia na halioni, anaanza kuhisi anafichwa kitu.

"Tangu juzi" ina kazi gani? Kama hadithi haitegemei ni siku gani aliambiwa, inaondoka. Ila ule ukali wa "nilishakwambia" lazima ubaki maana ndo tabia ya huyu mama. Kijerumani cha mdomoni kinakupa *Ich hab's dir gesagt*, fupi na ina ukali uleule, hata *doch schon* haina tena kazi.

Halafu kuna hili ambalo ni la Kijerumani chenyewe: ukianza na *dass*, kitenzi kinasukumwa mwisho wa sentensi na msomaji anabeba maneno yote kichwani akikisubiri. Kwenye kitabu sawa, kwenye sabtaito inachosha. Weka nukta mbili uanze sentensi mpya, umeokoa herufi na msomaji anasoma moja kwa moja. Na "tajiri", mara ya kwanza kabisa kwenye filamu andika *Bootsbesitzer* ili wajue ni mwenye mtumbwi, baada ya hapo *Chef*, yaani bosi, inatosha, umetoka herufi 13 mpaka 4.

Sasa "mpaka giza liingie", hapa ndo naomba umkalie rafiki yako karibu. Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua ni giza lipi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, kwa hiyo giza ni kipindi, tajiri hapati hela mpaka kirudi. Ukiandika *bis es dunkel wird* Mjerumani anaelewa "mpaka jioni hii", halafu kesho yake kijana bado hajalipwa na yeye anashangaa. Andika *Neumond*, yaani kipindi ambacho mwezi hauonekani. Ni sahihi na ni fupi zaidi. Ila hakikisha mwanzoni mwa filamu kuna sehemu inayoonyesha au kusema kwamba mwezi ukiwaka hawaendi ziwani, la sivyo hata *Neumond* inakuwa fumbo.

Ukikusanya vyote:

```
41
00:06:12,200 --> 00:06:16,200
Junge, ich hab's dir gesagt:
Vor Neumond hat der Chef kein Geld.
```

Mstari wa kwanza herufi 28, wa pili 35, jumla 63, kwa sekunde 4 ni kama 15.8. Iko chini ya 17, na ona kwamba baada ya kukata ilibaki nafasi ya *Junge*, yaani kijana, ambayo inarudisha ule uzazi wa "mwanangu" bila kumfanya Mjerumani adhani ni mama yake mzazi, kitu ambacho *mein Kind* ingeweza kufanya. Kwa hiyo ukishakata usiishie hapo, angalia kama imebaki nafasi, rudisha kitu kimoja chenye ladha.

Ungeweza kuandika *Der Chef zahlt erst bei Neumond*, ni fupi zaidi, jumla inakuwa 60, yaani 15 kamili. Lakini hiyo inasema tajiri atalipa giza likija, mama hakusema hivyo, amesema hana hela. Kama mwisho wa filamu inajulikana tajiri alikuwa nazo muda wote, lile "hana" ndo uongo wenyewe na huruhusiwi kuligusa. Ndo maana mtu wa sabtaito lazima aangalie filamu mpaka mwisho kabla hajakata mstari hata mmoja.

Huyo mliyemficha jinsia inawezekana, ila lazima mjipange mapema. Kwetu "amekuja?" haisemi ni nani, Kijerumani kinataka *er* ya mwanaume au *sie* ya mwanamke, na rafiki yako akiandika *Ist er da?* ameshatoboa siri. Bahati nzuri kufupisha kunakuokoa hapa: *Schon da?* ni Kijerumani cha kawaida kabisa cha mdomoni na haina mtu ndani yake. "Alisema atanisubiri" unaweza kuigeuza ikawa *Ich werde erwartet*, yaani nasubiriwa. Ukishindwa kabisa tumia nomino, kwa mfano *der Besuch*, yaani mgeni, jinsia yake ni ya neno tu, na *er* inayofuata baadaye inamrudia huyo *Besuch* wala haimtaji mwanaume. Mbinu hii usiitumie mara nyingi mfululizo, watu watashtuka. Pitia skripti, weka alama kila mahali mhusika huyo anapotajwa, muitatue yote kwa mkao mmoja, mkiokoteza mmoja mmoja lazima *sie* moja itawaponyoka.

Na hapohapo kaa na rafiki yako mwamue nani anamwita nani *du*, wewe ya kawaida, na nani *Sie*, wewe ya heshima, muandike pembeni. Kijana aliyemwamkia mama shikamoo halafu anamwita *du* mstari wa tatu na *Sie* mstari wa kumi, Mjerumani anaona haraka kuliko kosa lingine lolote. Shikamoo na marahaba zenyewe tafsiri mara ya kwanza tu, baada ya hapo mikono na nyuso zinaeleza. Kelele za wauzaji nyuma ziache bila maandishi kama hazibebi hadithi.

Kwa programu tumia Subtitle Edit, ni ya bure. Ndani ya Settings weka 42 na 17, kila sabtaito inayozidi inageuka nyekundu. Usiiamini peke yake lakini, yenyewe inahesabu tu. Neno kama "Ja." linaweza kuwa na herufi 3 na bado likapita kama umeme, kwa hiyo sabtaito yoyote isikae chini ya sekunde 5/6, hiyo ni fremu 20 au 21, na isizidi sekunde 7.

Kupima, usimtumie rafiki yako, yeye anasikia Kiswahili kwa hiyo hata asipomaliza kusoma anaelewa. Mrudie yule Mjerumani, aangalie mara moja bila kusimamisha, halafu usimuulize kama amemaliza kusoma. Muulize kitu cha kwenye picha: nani alichukua ndoo, kijana alishika nini mkononi wakati mama anaongea. Akikumbuka maneno yote ila ndoo hakuiona, sini hiyo bado ina herufi nyingi hata kama programu haina nyekundu.

Faili lihifadhi kwa UTF-8, wao wakilifungua waone *ü* na *ß*, siyo vile vialama vya ajabu kama "Ã¼". Na waulize kama wanataka SRT, yaani faili la maandishi peke yake, pembeni au maandishi yaliyochomwa kwenye picha. Ukiweza wape SRT, wakiona kosa la herufi wanarekebisha wenyewe dakika mbili bila wewe kutuma upya faili zima la video kwa intaneti yetu hii.