Machozi ya Jumapili jioni

*"Mama, ni mwezi na nusu tangu mimi na baba yake tutengane. Kila Jumapili jioni mtoto akirudishwa kutoka kwa baba yake analia, na wiki hii amekojoa kitandani mara tatu, ilhali aliacha zamani. Ana miaka saba. Nimwache, itapita yenyewe, au huu ni ugonjwa wa kutibiwa?"*

Mwanangu,

Kwa hayo uliyoniandikia, naona bado ni huzuni ya kawaida. Lakini kabla hatujaongea habari za moyo wake, mpeleke apimwe mkojo. Mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza tena kukojoa kitandani, kila mtu husema ni mawazo. Mara nyingi ni kweli, ila maambukizi ya njia ya mkojo huleta jambo hilohilo, na kufunga choo pia. Ukiona anakunywa maji mengi kuliko alivyozoea, anakwenda haja ndogo kila mara hata mchana, na nguo zinamlegea, usingoje miadi: mpeleke siku hiyohiyo apimwe sukari. Kisukari cha watoto huanza hivyo, na hakichelewi kumzidi mtoto.

Sasa machozi. Wingi wake haukwambii kitu. Tazama mambo mawili: yameenea kiasi gani katika maisha yake, na yanaelekea wapi wiki baada ya wiki. Mtoto anayelia Jumapili jioni, akatulia, akalala, Jumatatu akaenda shule na kurudi na habari za wenzake, huyo huzuni yake ina mahali pake. Anayetia wasiwasi ni yule ambaye Jumatano bado hali vizuri, anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na rafiki yake akija kumwita wacheze hatoki. Na hilo tumbo usimwambie anasingizia. Hofu huuma tumbo kwelikweli.

Kwa kuwa wewe mwenyewe umechoka na una huzuni yako, kumbukumbu itakudanganya. Utakumbuka siku mbaya tu. Chukua daftari, na kwa wiki mbili uandike kila usiku mistari michache: alilia lini na kwa muda gani, alilala saa ngapi na kama aliamka, alikula vipi, shule ilikuwaje, alicheza na nani. Kitanda kikilowa, andika. Mwombe baba yake aandike vilevile siku anazokuwa naye, na umuulize mwalimu swali moja tu: amebadilika nini tangu tarehe fulani? Usimuulize kama mtoto "ana huzuni", maana atajibu ndiyo kwa kukuonea huruma.

Tuseme daftari linaonyesha hivi. Jumapili ya kwanza alilia saa nzima, akakataa chakula, akalala usiku sana, kitanda kililowa Jumapili na Jumatatu, lakini kuanzia Jumanne ni kavu na mwalimu hana la kusema. Jumapili ya pili alilia dakika ishirini, akala kidogo, kitanda kililowa usiku mmoja. Huyo anapona. Sasa geuza: Jumapili ya pili kilio kimeanza tangu Ijumaa kabla hajaenda, kitanda kimelowa usiku minne ikiwemo Alhamisi, na mwalimu anasema amempiga mwenzake na hamalizi kazi. Machozi ya Jumapili huenda ni yaleyale, lakini huyu wa pili anahitaji mtu wa kumsaidia.

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu ndiyo saa anayowaona nyote wawili kwa pamoja, kisha mmoja anaondoka. Kila wiki anaachwa upya. Mtoto wa miaka saba bado anaamini mnaweza kurudiana, na baba yake akisimama mlangoni dakika kumi anaongea nawe kwa upole, yeye anasikia ahadi. Mkigombana hapohapo, anasikia kwamba kosa ni lake, kwani mnagombana kwa ajili yake.

Kwa hiyo badilisheni makabidhiano yenyewe. Njia bora, kama ratiba inaruhusu, ni kupitia shule: baba amchukue shuleni Ijumaa na amrudishe shuleni Jumatatu asubuhi, nawe umpokee saa ya kutoka. Mtoto hatashuhudia mlango ukifungwa. Isipowezekana, yawe mafupi, saa ileile kila mara, na habari za ada, nguo au mahakama zisitajwe hapo. Andikianeni ujumbe baadaye. Begi lifungwe mapema, na kuwe na kitu kimoja chake, mwanasesere au shuka, kinachosafiri naye kila upande. Bandika kalenda kwenye kila nyumba, siku zako rangi moja na za baba yake rangi nyingine, kwa sababu mtoto wa umri huu hapimi muda kwa maneno. "Wiki ijayo" kwake ni giza tu.

Akishaingia ndani, saa ya kwanza usimhoji. Wengi ndipo tunapokosea. "Mlikula nini? Nani alikuwepo?" Wewe unauliza kwa mapenzi, yeye anasikia anatakiwa kutoa ushahidi. Mwogeshe, mle, mfanye jambo moja tulivu lilelile kila Jumapili. Akilia, kaa karibu useme, "Umemkumbuka baba. Ni sawa kumkumbuka." Usiongeze "lakini mama yupo", kwa kuwa hapo unamfanya achague. Kitanda kikilowa, mbadilishe shuka bila hotuba na bila adhabu.

Kama mlimweleza utengano mara moja tu mkadhani yameisha, rudieni, ikiwezekana nyote wawili mkiwa pamoja na mkiwa mmekubaliana maneno. Yatosha dakika chache: hatutaishi nyumba moja tena, hilo tumeliamua sisi watu wazima, hakuna ulichofanya kilicholeta hili na hakuna utakachofanya kitakachotubadilisha, mimi ni mama yako na huyu ni baba yako siku zote. Kisha semeni yanayomhusu yeye: utalala wapi, nani atakupeleka shule, vitu vyako vitakaa wapi. Atauliza tena kesho, na keshokutwa. Jibu ni lilelile, kwa maneno yaleyale.

Kuna jambo utashawishika kulifanya nalo ni kusimamisha safari za kwa baba yake "mpaka atulie". Usifanye hivyo kwa sababu ya machozi peke yake. Mtoto hulia akitoka kwako kwenda kule, na hulia akitoka kule kuja kwako. Ni kuvuka kunakomuuma. Ukikata safari, hofu yake kwamba mzazi anaweza kupotea inathibitika. Ni tofauti kabisa akimwogopa mtu fulani kwa jina, akirudi na alama za kipigo, akionyesha mambo ya kimwili yasiyo ya umri wake, au akisema ametendewa jambo. Hapo usimchimbe maswali. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, usimrudishe kule, na uende siku hiyo kwa daktari au ofisi ya ustawi wa watoto.

Ugonjwa uliouulizia upo, na una jina: tatizo la kushindwa kukabiliana na mabadiliko. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022, huanza kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja tangu jambo zito litokee; mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaruhusu hadi miezi mitatu. Akili ya mtoto inakuwa imenaswa na jambo hilo, na maisha yake yanakwama: shule, marafiki, usingizi, nyumbani. Mtoto mdogo hawezi kukwambia "siachi kulifikiria". Utaliona kwenye michezo anayorudia bila kuchoka, hasira, kukung'ang'ania, ndoto mbaya, kukojoa kitandani.

Vitabu husema dalili huisha ndani ya miezi sita, na wazazi hukamata hiyo miezi sita kama tarehe ya mwisho. Lakini hesabu huanza pale jambo lenyewe na matokeo yake yanapokoma. Kama kesi inaendelea, mnahama nyumba, au mnagombana kwenye simu yeye akiwa chumba cha pili, saa hiyo haijaanza kugonga. Ndiyo maana ninakusisitizia ugomvi kuliko utengano wenyewe. Mtoto hukabiliana na nyumba mbili. Ugomvi usiokwisha ndio humwangusha.

Basi uende lini? Fuata hayo ya Jumapili kwa wiki nne hivi. Yakipungua, endelea. Yakibaki palepale au yakienea, mpeleke. Usingoje wiki nne kama amekataa shule siku kadhaa mfululizo, au kama kwa wiki mbili, karibu kila siku na siku nzima, amekuwa na huzuni au hasira na hafurahii hata alichokipenda. Hiyo inaweza kuwa sonona, na matibabu yake ni mengine. Kwa watoto sonona mara nyingi huja na sura ya ukali badala ya machozi, ikaitwa utundu.

Na akisema anataka kufa, au "bora nisingekuwepo", muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiumiza? Ungefanyaje?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya makali, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Tafuta mwanasaikolojia au daktari wa akili anayefanya kazi na watoto. Mwambie mtoto siku moja kabla: tunakwenda kwa mtu anayesaidia watoto ambao mambo yamebadilika nyumbani, hakuna sindano. Beba daftari na maneno ya mwalimu. Tarajia mazungumzo ya mara chache, si ya miaka. Yeye atachora na kucheza, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa na ninyi wazazi, kila mmoja kivyake kama hamuwezi kukaa pamoja. Dawa si hatua ya kwanza kwa tatizo hili, na anayekuandikia vidonge kikao cha kwanza bila kuuliza habari za nyumbani, tafuta mwingine. Usimwombe mtaalamu huyohuyo aandike barua ya kuamua mtoto akae na nani. Anayemtibu mtoto akigeuka shahidi wa upande mmoja, mzazi wa pili atamtoa kwenye matibabu, na mtoto ataacha kusema lolote la kweli.

Mpe baba yake aisome barua hii, hasa hapo pa makabidhiano, maana peke yako hutayabadilisha. Kesho asubuhi beba mkojo wa kwanza kwenye chombo safi cha hospitali, kisha unipigie majibu yakitoka.

Mama