Siku nilipopasua noti yangu ya gesi

Juzi dada mmoja wa Bukavu ameniandikia: "Kaka, noti yangu ya utafiti imefika kurasa 40, kila nikitafuta kitu humo ninapotea." Dada, nilipita hapo, na hapa Goma niliaibishwa mbele ya watu.

Noti yangu iliitwa "Gesi". Aya moja ilikuwa na mazuku, yaani gesi inayokaa mabondeni na kuua, pia gesi ya Ziwa Kivu na lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, zote pamoja. Siku ya kutetea tasnifu, profesa mmoja akauliza: "Hiyo gesi unayosema inaua mbuzi bondeni, ndiyo ile ya ziwani?" Nilikwama. Bado inaniuma.

Usiku ule nikafungua Obsidian, programu ninayoandikia noti zangu. Nilichagua sentensi za wazo moja, nikabonyeza `Extract current selection`; zikahamia kwenye noti mpya, na pale zilipotoka pakabaki kiungo. Aya ile ikazaa noti tatu:

```
[[Mazuku hukaa mabondeni kwa sababu kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa]]
[[Uzito wa maji huzuia gesi kilindini mwa Ziwa Kivu]]
[[Lava ya 2002 ilifika ziwani]]
```

Ona, kila kichwa ni sentensi nzima. Nilipojaribu kuandika kichwa cha kwanza ndipo nikagundua nilikuwa nimechanganya: mazuku hutoka ardhini kwenye nyufa, ilhali ya ziwani imeyeyuka majini, pamoja na methani. Kichwa cha "Gesi" kilinificha hilo miaka miwili. Ukishindwa kukiandika kama sentensi, ujue noti bado ina mawazo mawili, au hujaelewa.

Kazi ngumu ilikuwa baada ya kukata. Noti mpya ilianza na "Hiyo ndiyo sababu..." Hiyo ipi? Ilibaki kwenye noti ya zamani. Soma kila kipande peke yake, rudisha jina la kitu, na uandike chanzo chake humo humo, maana hakitafuata chenyewe.

Kiungo nacho kisiachwe uchi. Mimi niliandika kwenye noti ya lava: "Mwaka 2002 watu waliogopa kwamba lava ingevuruga maji ya chini, kwa kuwa [[Uzito wa maji huzuia gesi kilindini mwa Ziwa Kivu]]." Sasa nikifungua noti ya ziwa, sehemu ya `Backlinks` inanionyesha noti ya lava pamoja na sentensi hiyo, kwa hiyo najua imekuja kufanya nini. Zamani niliorodhesha viungo chini ya ukurasa bila neno. Vilirudi majina matupu.

Mahojiano yangu na akina mama wa Buhene sikuyakata. Mtu akisimulia, mpangilio wake nao ni ushahidi. Niliyaacha mazima, nikayawekea viungo kutoka noti ndogo.

Niliporudi kutetea, profesa yule aliuliza swali lile lile. Nilijibu kwa sentensi mbili, na zote zilikuwa vichwa vya noti.