Mali, Madeni na Mtaji: Somo la Doti 40 za Kanga

Nimewafundisha vijana kadhaa kazi ya kuweka vitabu vya wafanyabiashara wadogo, na karibu wote huanza na kosa moja: ukiwauliza mtaji wa biashara uko wapi, wanakuonyesha droo ya fedha. Hawalaumiki, kwa sababu ndivyo mtaani tunavyosema. Mtu akilalamika kwamba mtaji umekata, ana maana kwamba fedha za kununulia bidhaa zimekwisha. Katika vitabu vya hesabu, hata hivyo, mtaji si kitu cha kushikwa mkononi wala kufungiwa kwenye droo. Ni kiasi kinachobaki baada ya kuondoa madeni yote katika thamani ya mali yote, na kanuni yake huandikwa hivi:

Mali = Madeni + Mtaji

Upande wa kushoto unajibu swali la biashara ina nini. Upande wa kulia unajibu swali la vitu hivyo vimepatikana kwa fedha za nani: za watu wa nje, ambazo ni madeni, au za mwenye biashara, ambazo ni mtaji. Vitabu vingine vitakuambia rasilimali badala ya mali na dhima badala ya madeni. Usibabaike, kanuni ni ileile. Nitaionyesha kwa biashara ndogo ya kanga, na nakuomba uchukue kalamu uandike tarakimu pamoja nami, kwa kuwa somo hili halikai kichwani kwa kusoma peke yake.

Tuseme umeamua kuuza kanga pembeni mwa soko, na umetoa shilingi 300,000 kwenye akiba yako ya nyumbani. Kuanzia dakika hiyo, ichukulie biashara kuwa ni mtu mwingine, asiyekuwa wewe. Mtu huyo amepokea fedha 300,000, na amezipokea kutoka kwako. Mali ni 300,000, madeni ni sifuri, mtaji ni 300,000. Wanafunzi hushangaa kwa nini fedha zako mwenyewe ziandikwe upande mmoja na madeni. Sababu ni kwamba, kwa macho ya biashara, wewe pia ni mtu unayedai, isipokuwa unadai wa mwisho, baada ya wengine wote kulipwa.

Siku ya pili kikundi chako cha kuweka na kukopa kinakukopesha shilingi 200,000. Droo sasa ina 500,000 na unajisikia tajiri, lakini tazama kanuni: mali 500,000, madeni 200,000, mtaji 300,000. Mtaji haukusogea hata senti. Mkopo huongeza mali na deni kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hauwezi kumtajirisha mtu siku ya kuupokea. Unanunua meza na mwavuli kwa 60,000, na hapa hata jumla haibadiliki: fedha zimeshuka hadi 440,000, vifaa vimekuwa 60,000, mali bado ni 500,000. Kitu kimebadili sura tu.

Kisha unakwenda kwa muuzaji wa jumla na kuchukua doti 40 za kanga kwa shilingi 10,000 kila moja, yaani 400,000. Unalipa 300,000, na kwa sababu mnafahamiana anakuachia 100,000 zilizobaki ulipe baadaye. Tukio hili moja limegusa sehemu tatu. Fedha zimebaki 140,000, bidhaa ni 400,000, vifaa 60,000. Jumla ya mali ni 600,000. Madeni yamefika 300,000: la kikundi 200,000 na la muuzaji 100,000. Mtaji uko palepale, 300,000. Umeshahangaika siku tatu, umekopa, umenunua, umebeba mizigo, na bado hujapata faida wala hasara.

Mtaji unaanza kusogea unapouza. Katika mwezi unauza doti 25 kwa shilingi 14,000 kila moja. Kumi na tano zimelipiwa papo hapo, sawa na 210,000, na kumi umewakopesha wateja watakaolipa mwisho wa mwezi ujao, sawa na 140,000. Mapato ni 350,000. Wakati huohuo doti 25 zilizokugharimu 250,000 zimeondoka mezani. Mali imeongezeka 350,000 na kupungua 250,000. Tofauti ya 100,000 haidaiwi na mtu yeyote wa nje, basi lazima iwe yako. Mtaji unapanda hadi 400,000. Sasa hesabu mali: fedha 350,000, wadaiwa 140,000, bidhaa 150,000, vifaa 60,000, jumla 700,000. Upande wa pili, madeni 300,000 na mtaji 400,000. Zimelingana.

Angalia mambo mawili kabla hatujaendelea. La kwanza, wateja waliokopa wameingia kwenye mali ingawa hawajatoa hata shilingi, kwa sababu haki ya kuwadai ni yako. Watakapolipa, wadaiwa watapungua na fedha zitaongezeka, bila mtaji kubadilika, kwa kuwa faida yao ulishaihesabu. La pili, doti 15 zilizobaki nimeziandika kwa bei uliyonunulia, 10,000, wala si kwa 14,000 unayotarajia kuuzia. Anayeandika 14,000 anajipa faida ya kanga ambazo bado zimekunjwa mezani.

Unalipa ushuru wa soko 20,000, na siku nyingine unachukua 50,000 kununulia watoto sare za shule. Malipo yote mawili yanapunguza fedha na yanapunguza mtaji, na ndiyo maana wengi huyachanganya. Ushuru ni gharama ya biashara na unapunguza faida. Sare si gharama ya biashara. Ni mwenye mali kujichukulia sehemu ya kile anachodai, na inaandikwa kando kama matumizi binafsi. Ukiziweka pamoja, utaamini biashara haina faida, kumbe inayo na wewe ndiye unayeila. Baada ya malipo hayo fedha ni 280,000 na mtaji ni 330,000.

Unamlipa muuzaji wa jumla 100,000 zake. Fedha zinashuka hadi 180,000 na deni lake linafutika, mtaji haujaguswa. Siku hiyo hiyo mteja anakuachia 28,000 umletee doti mbili za muundo anaoutaka. Hapa ndipo ninapompima mwanafunzi. Tisa kati ya kumi, kwa makisio yangu, wataandika mauzo. Lakini hujampa kitu bado, na ukishindwa kuzipata kanga hizo itakubidi urudishe fedha. Basi hilo ni deni, na litakaa upande wa madeni mpaka siku utakapomkabidhi mzigo wake. Mwisho wa mwezi unalipa kikundi 100,000 ya mkopo na riba ya 10,000. Ile 100,000 inapunguza deni. Riba peke yake ndiyo gharama, na ndiyo inayopunguza mtaji.

Sasa funga mwezi. Fedha ni 98,000, wadaiwa 140,000, bidhaa 150,000, vifaa 60,000. Mali yote ni 448,000. Madeni ni 100,000 ya kikundi na 28,000 ya mteja aliyetanguliza, jumla 128,000. Mtaji ni 320,000. Droo ilianza na 300,000 yako na sasa ina chini ya theluthi ya kiasi hicho, na mtu wa kuangalia droo angesema biashara inakufa. Kanuni inasema vingine: faida ni 100,000 ukitoa ushuru 20,000 na riba 10,000, yaani 70,000, umechukua 50,000, mtaji umekua kwa 20,000. Hofu ya droo nayo si ya bure, kwa sababu kikundi hakipokei kanga wala ahadi za wateja wako. Biashara inaweza kuwa na faida ikakosa fedha za kulipa, na hayo ni maradhi mawili tofauti yanayotibiwa tofauti.

Pande mbili zikilingana, mwanafunzi hufunga daftari akiwa ameridhika. Mimi pia niliwahi kuridhika hivyo. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika mkopo wa mfanyabiashara mmoja kama mapato. Mali ilipanda, mtaji ukapanda, pande zikalingana bila dosari, na mwezi ule tukaonyesha faida nono. Miezi iliyofuata nikawa naandika marejesho yote kama gharama, na biashara ileile ikaonekana inapata hasara. Kilichonizindua si kanuni. Ni hesabu ya kawaida ya bidhaa. Nilizidisha idadi ya vitu vilivyouzwa kwa faida ya kila kimoja, nikakuta haiwezi kufika hata nusu ya faida niliyoiandika. Kanuni hukamata kosa la upande mmoja, kama pale unapopunguza fedha ukasahau kuongeza vifaa. Haikamati kosa lililoandikwa pande zote mbili, wala tukio ambalo halikuandikwa kabisa.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, kabla ya kuamini zile 320,000, nenda kwenye vitu vyenyewe. Hesabu fedha kwenye droo na salio la simu uone kama vinafika 98,000. Muulize mweka hazina wa kikundi daftari lake linasema unadaiwa kiasi gani, kwa maana deni lako ni mali katika vitabu vyake, na tarakimu mbili hizo lazima zifanane. Soma majina ya wadaiwa mmoja mmoja. Akiwamo aliyehama mtaa bila kuaga, ile haki ya kumdai haina thamani tena, na kiasi chake kinatoka kwenye mali na kwenye mtaji.

Kisha hesabu kanga. Daftari linasema doti 15. Tuseme mezani umezikuta 14. Imeibwa, imelowa ikatupwa, au uliitoa zawadi ukasahau. Kwa vyovyote, bidhaa zinashuka hadi 140,000 na mtaji unashuka kwa 10,000. Meza na mwavuli navyo haviwezi kubaki 60,000 milele. Ukikadiria vitadumu miezi 24, kila mwezi vinachakaa kwa 2,500, na mwezi huu vinaandikwa 57,500. Mali yako sasa ni 435,500, madeni hayakubadilika, ni 128,000, na mtaji ni 307,500. Faida halisi ya mwezi ilikuwa 57,500 wala si 70,000, na zile sare za 50,000 zimekaribia kuimaliza. Mwezi ujao ukichukua 60,000 kwa faida kama hii, utakuwa umekula mtaji kwa 2,500, na huenda droo isikwambie, kwa sababu wateja wa mwezi huu watakuwa wanakulipa.