Kubana slaidi za takwimu kwenye A4 moja

"Slaidi za takwimu ni nyingi mno, na tunaruhusiwa kuingia na A4 moja tu. Nianzie wapi?"

Anza na mitihani iliyopita, si slaidi ya kwanza. Uthibitisho wa fomula uache. Kila fomula iandikie sharti lake pembeni, maana hapo ndipo wengi huumia:

`t = (x̄ − μ)/(s/√n)`, `df = n − 1`, σ haijulikani

Chukua n = 25, x̄ = 54, μ = 50, s = 10: t = 2. Kikomo cha t kwa 5%, pande mbili, ni 2.064, kwa hiyo H₀ huikatai. Ukisahau sharti ukatumia 1.96 ya z, unaikataa kimakosa.

Kisha fanya mtihani mmoja wa zamani kwa karatasi hiyo tu. Utakachorudi kukitafuta kwenye slaidi, kiongeze. Usichokigusa, fikiria kukifuta.