Maswali na majibu: Moja iliyopanda mpaka infiniti

Shikamoo mwalimu. Tumepewa limiti ya ((x+1)/(x−1))^x, x ikienda infiniti. x ikiwa kubwa sana, (x+1)/(x−1) inakuwa 1, na 1 kwa kipeo chochote ni 1. Mbona kitabu kinasema jibu ni e²?

Marahaba. Swali hili linarudi kila muhula, na kosa ni lile lile: umeipeleka x ya ndani ya mabano infiniti, ukaiacha ya kwenye kipeo ikingoja zamu yake. x ni moja. Zote zinakwenda pamoja.

Ndani ya mabano hakuna 1. Kuna 1 na ziada kidogo, kwa sababu (x+1)/(x−1) = 1 + 2/(x−1). Weka x = 10: mabano yanakuwa 11/9, yaani 1.2222, na ukiipandisha namba hiyo kwa kipeo 10, yaani kuizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi, unapata 7.4388. Weka 100: ziada imeshuka mpaka karibu 0.02, lakini sasa mabano yanazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara mia, na jibu ni 7.38955. Ziada inapungua, mara za kuzidisha zinaongezeka, na hakuna inayomshinda mwenzake.

Njia ninayoipenda ni kugawanya kiasi na asili kwa x. Juu inabaki (1+1/x)^x, chini (1−1/x)^x. Ya juu inakwenda e, na hilo ulishafundishwa. Ya chini inakwenda 1/e. Gawanya e kwa 1/e, unapata e², yaani 7.389056 na kuendelea.

Usiishie hapo, tazama hesabu yenyewe. Kwa x = 10, ya juu ni 2.5937, na e ni 2.7183: imepungukiwa. Ya chini ni 0.3487, na 1/e ni 0.3679: nayo imepungukiwa, kwa kiwango kinachokaribiana sana na cha mwenzake, kama sehemu 1/(2x) ya thamani yake. Ukigawanya, mapungufu hayo mawili yanafutana. Ndiyo maana limiti hii inafika haraka. Kwa x = 100, (1+1/x)^x bado iko 2.7048, wakati kipeuo cha pili cha 7.38955 ni 2.71837. Anayetaka kuikadiria e kwa mkono aanzie hapa, asihangaike na ile ya kwanza.

Nimeandika programu ya kuhakiki. Kwa x = 1000 imetoa 7.38906, lakini kwa x kubwa zaidi imetoa 1. Sasa nani mkweli?

Kitabu. Nadhani ulifanya hivi:

```python
x = 1e17
print(((x + 1) / (x - 1)) ** x)
```

Kompyuta hutunza namba ya aina hiyo kwa tarakimu kama 16 tu. Ukiongeza 1 kwenye 10¹⁷, hiyo 1 haina pa kukaa, inapotea. Ukitoa 1, hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo umegawanya namba kwa namba ile ile, ukapata 1 kamili, na 1 kamili kwa kipeo chochote ni 1 kweli. Ziada iliyobeba jibu lote ilifutwa kabla kipeo hakijafika. Jibu likianza kuyumba baada ya kutulia, rudi kwenye x ndogo. Wanaotuma picha ya skrini badala ya hatua, nawaomba waache: mashine haijui limiti ni nini.

Naweza kutumia kanuni ya L'Hôpital moja kwa moja?

Moja kwa moja hapana, kwa kuwa hujapata 0/0. Chukua logi asilia kwanza: x·ln((x+1)/(x−1)). Hiyo ni infiniti mara sifuri, kwa hiyo ishushe x chini iwe 1/x, ndipo upate 0/0. Ukidiferenshieti, juu unapata −2/(x²−1), chini −1/x². Uwiano wake ni 2x²/(x²−1), unaokwenda 2.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza maksi: wanaandika 2 na kupiga mstari. Hiyo 2 ni logi ya jibu. Jibu ni e².

Na x ikienda infiniti hasi?

e² vile vile. Weka −x mahali pa x: sehemu inapinduka, kipeo nacho kinabadili alama, unarudi ulikotoka. Ila kumbuka kati ya −1 na 1 mabano ni hasi, kwa hiyo usichore mchoro ukapita hapo.

Ingekuwa (x+3)/(x−1)?

e⁴. Tofauti ya 3 na −1 ni 4.

Na kwenye swali la kwanza, kipeo kingekuwa x²?

Hapo haina limiti. Inapaa bila mwisho, kwa sababu logi yake ni karibu 2x. Kikiwa kipeuo cha pili cha x, yaani √x, logi inakwenda sifuri, na hapo ndipo jibu linakuwa 1 kihalali.