Swali la lugha: "Panga kwa msanii, kisha albamu"

*Nawaandikia wenzangu wa studio maelekezo ya kupanga orodha za nyimbo. Nimeandika: "Panga kwa msanii, kisha albamu, kisha namba. Zisizo na lebo ziwe mwisho." Mmoja wao kafuata neno kwa neno na orodha imevurugika kabisa. Kiswahili changu kina kosa gani? Na nyimbo zenye lebo pungufu, yaani zilizokosa jina la msanii, albamu au namba ndani ya faili, niziandikeje?*

Sarufi yako ni safi. Kinachokuangusha ni neno *kisha*. Neno hili lina undugu na *kwisha*, na kazi yake ni kupanga matendo katika wakati: la kwanza limekwisha, la pili linaanza. "Funga mlango, kisha uzime taa." Mwenzako alilisoma hivyo hasa. Alipanga orodha nzima kwa majina ya wasanii, akamaliza. Akaipanga tena orodha nzima kwa majina ya albamu, akamaliza. Mwishoni akaipanga yote kwa namba.

Wewe hukukusudia matendo matatu. Ulikusudia tendo moja lenye ngazi tatu: jina la msanii ndilo linaloamua, albamu inaulizwa pale tu ambapo wasanii wamelingana, na namba inaulizwa pale tu ambapo albamu nazo zimelingana.

Tuchukue nyimbo halisi tuone tofauti. Tuseme orodha yako ina albamu mbili za Culture Musical Club ya Zanzibar, *Bashraf* na *Waridi*, na mbili za Remmy Ongala, *Mambo* na *Songs for the Poor Man*. Ukipanga kwa msanii, Culture wanakaa juu na Remmy anafuata chini. Mpaka hapo pazuri. Sasa mwenzako anapanga orodha ileile kwa albamu, na herufi zinajipanga B, M, S, W. *Bashraf* inatangulia, zinafuata albamu zote mbili za Remmy, halafu *Waridi* inakuja mwisho. Culture wamekatwa vipande viwili na Remmy ameingia katikati yao. Akipanga tena kwa namba, nyimbo za kwanza za albamu zote nne zinakusanyika juu, zikifuatwa na za pili zote, na kuendelea. Ukiona safu ya namba inasomeka 1, 1, 1, 1, 2, 2, 2, 2, basi *kisha* yako imefuatwa kwa uaminifu mkubwa.

Kwa ngazi za namna hii Kiswahili kina chombo kizuri zaidi, nacho ni *-ki-* ya masharti. Andika: "Panga nyimbo kwa kufuata jina la msanii. Nyimbo zikiwa za msanii yuleyule, zifuate jina la albamu. Zikiwa za albamu ileile, zifuate namba." Hakuna anayeweza kusoma sentensi ya pili kama kazi mpya juu ya orodha nzima, kwa sababu *zikiwa* inaweka mpaka: inazungumzia zile zilizolingana tu, na nyingine haziguswi.

Angalia pia kwamba nimeandika *yuleyule* na *ileile*, sikuandika *msanii mmoja* na *albamu moja*. Katika masimulizi yetu "msanii mmoja" ni msanii fulani asiyetajwa: "Kulikuwa na msanii mmoja hapa mjini..." Msomaji mwepesi wa kudhani anaweza kufikiri kuna msanii fulani ambaye nyimbo zake zina utaratibu wake wa pekee. *Yuleyule* haiachi nafasi ya dhana hiyo.

"Kwa msanii" nayo ningeirefusha. Kwenye kitufe cha programu, ambako nafasi ni finyu, inatosha na watu wameizoea. Lakini katika maelekezo marefu, "kwa msanii" ni pia nyumbani kwake au upande wake, kwa hiyo "kwa kufuata jina la msanii" ina faida mbili: inaondoa utata huo, na inakumbusha kwamba kinacholinganishwa ni herufi za jina. Hili la herufi lina matokeo yake. *Mambo* ilitoka 1992 na *Songs for the Poor Man* ilitoka 1989, lakini kwa kufuata jina, ile ya baadaye inatangulia. Kama studio yenu inataka albamu zifuatane kwa umri, semeni "mwaka wa albamu", na mhakikishe lebo ya mwaka imejazwa.

Kuna mahali ambapo *kisha* inafaa kabisa. Programu nyingine haziruhusu ngazi. Unabofya kichwa cha safu moja, inapanga, basi. Baadhi yake, zinapopanga safu mpya, huacha vitu vilivyolingana katika mpangilio uliokuwapo. Kwa programu ya aina hiyo unaanza na ngazi ya chini kabisa: "Panga kwa namba, kisha kwa albamu, mwisho kwa msanii." Hapa ni matendo matatu kwelikweli, na yanakwenda kinyume na ngazi ulizokusudia, kwa sababu tendo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote. Jaribu kwanza kwa nyimbo chache. Ukibofya safu ya msanii na namba ndani ya albamu zikavurugika, programu yako haitunzi mpangilio uliotangulia, na njia hii haitakufaa.

Sasa zile pungufu. "Zisizo na lebo ziwe mwisho" ina mashimo mawili.

La kwanza ni kwamba *mwisho* haijasema mwisho wa nini. Chukua wimbo wa *Waridi* ambao lebo yake ina msanii na albamu lakini haina namba. Kwa maneno yako unatupwa chini ya orodha nzima, baada ya Remmy, ingawa tunajua vizuri ni wa nani na unatoka albamu ipi. Kilichokosekana ni ngazi ya tatu tu, kwa hiyo adhabu yake iishie ngazi ya tatu: "ziwe mwisho wa albamu yake". Usiokuwa na albamu uwe mwisho wa nyimbo za msanii wake. Usiokuwa na msanii ndio pekee unaostahili mwisho wa orodha.

Usipoyasema haya waziwazi, mashine nyingi zitaamua kinyume. Sehemu tupu kwa kawaida hutangulia herufi A, na namba iliyokosekana mara nyingi huchukuliwa kuwa 0, hivyo wimbo usio na namba unakaa kabla ya wimbo wa kwanza. Hiyo sifuri ina historia. Katika lebo za zamani za faili za MP3, zile zinazoitwa ID3v1.1, namba ya wimbo ilipewa baiti moja karibu na mwisho wa faili, na 0 ndani yake ilikuwa na maana kwamba namba haikuwekwa. Kwa hiyo andika "zisizo na namba, au zenye namba 0". Si vitu viwili tofauti, lakini kwenye skrini vinaonekana tofauti.

Shimo la pili ni mantiki ya kukanusha. "Zisizo na lebo" inaweza kusomwa kuwa hazina lebo hata moja, au kwamba imepungua lebo fulani tu. Hapa Kiswahili kinakupa *wala*. "Nyimbo zisizo na albamu wala namba" zimekosa vyote viwili, hakuna ubishi. Ukitaka zile zilizokosa chochote kati ya hivyo, andika "zisizo na albamu, au zisizo na namba", na urudie *zisizo na* hata kama sikio linaona imezidi. Ile "zisizo na albamu na namba" tunayoitumia sana mdomoni iepuke katika maelekezo. Kila mtu ataielewa kivyake.

Jambo lililobaki ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni jina tunalompa msanii asiyeandikwa. Programu nyingi huonyesha "Unknown Artist", na watafsiri wetu huweka "Msanii hajulikani". Maneno hayo yanadai mambo mengi mno. Mpenzi yeyote wa taarabu Unguja anaweza kumtambua mwimbaji kwa sauti kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Msanii anajulikana sana, ila jina lake halikuandikwa kwenye faili. "Msanii hakutajwa" inasema ukweli uliopo na kuishia hapo. Zaidi ya hayo, *hajulikani* humfanya mtu aone hakuna la kufanya, wakati *hakutajwa* humwonyesha kwamba kuna pengo la kujazwa.

Na pengo hilo lina hatari ya kimpangilio. Baadhi ya programu za kunakili CD huyaandika maneno "Unknown Artist" ndani ya lebo yenyewe, kama jina. Hapo mashine haioni upungufu wowote. Wimbo unapangwa kwenye herufi U, na mtu akibadilisha maneno hayo yawe ya Kiswahili ndani ya lebo, unahamia M, jirani na Mbaraka Mwinshehe. Utajua kwa kutazama katikati ya orodha: ukikuta kundi la nyimbo zisizofanana hata kidogo chini ya "jina" la namna hiyo, fungua lebo zake, futa maneno hayo na uache sehemu tupu. Maneno ya kuonyesha yabaki kazi ya skrini.

Kwa hiyo ningewaandikia wenzako hivi:

"Panga nyimbo kwa kufuata jina la msanii. Nyimbo zikiwa za msanii yuleyule, zifuate jina la albamu; zikiwa za albamu ileile, zifuate namba ya wimbo katika albamu, kuanzia ndogo. Wimbo usio na namba, au wenye namba 0, uwe mwisho wa albamu yake. Usio na albamu uwe mwisho wa nyimbo za msanii wake. Usio na msanii uwe mwisho wa orodha. Nyimbo zikilingana katika yote hayo, zifuate jina la wimbo."

Nimeongeza "katika albamu" kwa sababu orodha nayo ina namba zake pembeni, na "namba ya wimbo" peke yake inaweza kushika yoyote kati ya hizo mbili. Nimeandika "kuanzia ndogo" ili msomaji ajue tunazungumzia ukubwa. Namba zikipangwa kama maandishi, 10 hutangulia 2, kwa kuwa 1 hutangulia 2. Katika lebo mpya za ID3 namba ya wimbo huhifadhiwa kama maandishi, na unaweza kukuta "3/9", yaani wa tatu kati ya tisa. Ukiona 1, 10, 11, 2, mashine imesoma herufi tu.

Maelekezo haya hayataokoa wimbo mmoja wa *Mambo* ambao umekosa jina la msanii peke yake. Utakwenda mwisho wa orodha, mbali na ndugu zake wa albamu, kwa sababu albamu inaulizwa baada ya msanii. Kwa huo hakuna sentensi ya kupanga itakayosaidia. Kabla ya maelekezo yote weka mstari huu: "Kwanza tafuta nyimbo ambazo msanii wake hakutajwa, na ujaze jina pale albamu inapoonyesha ni nani, kisha upange." *Kisha* hiyo iache ilivyo.