Swichi ya akiba ikiwa inawaka, usiichomeke kwenye staki

*"Staki yetu ina swichi nne za Catalyst 3750, na namba 3 imekufa. Nina nyingine ya modeli hiyo hiyo iliyokuwa ikitumika chumba kingine. Nimeshafuta mipangilio yake na sasa inawaka mezani pangu. Nikichomeka kebo za staki hivyo hivyo mchana, watumiaji wataathirika?"*

Izime hiyo swichi. Chomoa waya wake wa umeme sasa hivi, kisha urudi kusoma, kwa sababu hali unayoieleza ndiyo ile ile niliyokuwa nayo siku nilipoangusha staki nzima, yaani swichi zote zilizounganishwa kwa kebo ili zifanye kazi kama moja, saa nne asubuhi: namba 3 imekufa, swichi ya akiba imetoka chumba kingine, mipangilio imefutwa, na taa zinawaka.

Kosa langu halikuwa uzembe wa kutofuta. Nilifuta. Niliandika `write erase`, nikaiwasha upya, nikaona ile alama ya `Switch>` inayoonyesha kwamba swichi haina hata jina, nikaridhika kwamba ninaingiza kwenye staki kifaa kitupu ambacho kitapokea amri kutoka kwa wenzake. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba namba ya uanachama na kipaumbele cha swichi ya 3750 havikai ndani ya faili la mipangilio. Vinahifadhiwa pembeni, na `write erase` haivigusi. Ile swichi ilikuwa swichi kuu, yaani inayoongoza wenzake wote, ya staki nyingine kule ilikotoka, na mtu aliyeifunga alikuwa ameipa kipaumbele cha 15, ambacho ndicho cha juu kabisa. Swichi zangu tatu zilizobaki zilikuwa na kipaumbele cha 1, kile cha kiwandani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukigusa.

Sasa fuatilia kilichotokea nilipochomeka kebo. Swichi inayowaka peke yake ni staki yenye mwanachama mmoja, na mwanachama huyo ndiye swichi kuu ya nafsi yake. Ukiiunganisha na staki nyingine inayofanya kazi, huongezi mwanachama bali unaunganisha staki mbili zenye wakuu wawili, na ni lazima mmoja ashindwe. Uchaguzi ukiwa kati ya wakuu wawili, jambo linaloamua ni kipaumbele. Suala la nani ana mipangilio na nani ni mtupu hutazamwa baadaye, na muda ambao swichi imekaa ikiwaka huja nyuma zaidi, karibu na mwisho kabisa, kabla tu ya anwani ya MAC iliyo ndogo. Kwa hiyo swichi yangu tupu yenye 15 ilizishinda swichi tatu zilizobeba mtandao wote wa jengo.

Upande ulioshindwa hauingii kimya kimya. Wanachama wake wote, pamoja na aliyekuwa mkuu, hujiwasha upya na kurudi wakiwa wafuasi wa mkuu mpya, wakitumia mipangilio ya mkuu huyo. Nilikuwa na swichi tatu za poti 48, maana yake poti 144 zilizimika kwa pamoja mbele ya macho yangu. Nikajipa moyo kwamba zikiwaka zitarudi zilivyokuwa. Baada ya dakika chache ziliwaka kweli, taa zikawa za kijani kila mahali, lakini hakuna kompyuta hata moja iliyopata mtandao. Poti zote zilikuwa zimeangukia VLAN 1, viungo vya kupanda juu havikubeba VLAN zetu, na anwani ya IP ya usimamizi haikuwepo tena. Nilipochomeka kebo ya konsoli nilikutana na swali hili:

```
Would you like to enter the initial configuration dialog? [yes/no]:
```

Ukiona swali hilo kwenye staki iliyokuwa inafanya kazi nusu saa iliyopita, usitafute kebo mbovu wala poti mbovu. Mkuu amebadilika, na mkuu mpya hana kitu.

Hapo nikafanya kosa la pili: niliichomoa ile swichi mpya nikiamini kwamba ikiondoka, mambo yatarudi. Hayakurudi, wala hayawezi kurudi, kwa sababu mipangilio ya mkuu hunakiliwa kwa wanachama wote ili akifa mwingine ashike nafasi yake. Swichi zangu tatu zilichagua mkuu kati yao, naye akaendelea kutekeleza utupu ule ule aliorithi. Zaidi ya hapo, wakati wa kuungana, iliyokuwa namba 1 ilikuta namba yake imekaliwa na mgeni, ikapewa namba nyingine, hivyo majina ya poti nayo yakavurugika. Kilichoniokoa ni nakala ya mipangilio iliyokuwa kwenye kompyuta yangu, yenye umri wa miezi mitano. Nililazimika kurudisha namba za uanachama kwanza, nikaziwasha swichi upya, ndipo nikarejesha nakala ile, kisha nikatumia alasiri nzima kutafuta poti moja moja zilizokuwa zimebadilishwa ndani ya miezi hiyo mitano.

Na bado nina uchungu na fundi wa kampuni iliyotufungia mtandao ule. Nilimpigia simu kabla ya kuanza, nikamweleza hali yote, akanijibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba staki ina akili yake, kwamba mgeni siku zote humfuata mwenyeji, na kwamba kuzima swichi kwanza ni woga wa mafundi wa zamani. Hakuniuliza kipaumbele cha ile swichi. Hakuniuliza ilikotoka. Alichukua jambo ambalo ni kweli, yaani kwamba mkuu aliyepo hang'olewi na mwanachama anayejiunga akiwa amezimwa na kisha kuwashwa, akalisema kana kwamba ni kweli pia kwa swichi inayowaka. Tofauti ya kauli hizo mbili ilikuwa mtandao wangu mzima. Mtu anayetoa ushauri kwa simu kuhusu kifaa ambacho yeye hatakuwepo kikianguka ana wajibu wa kuuliza kwanza.

Kwa hiyo kanuni ninayokusihi uishike ni hii: swichi huingia kwenye staki ikiwa imezimwa, na kabla ya kuzimwa uwe umesoma kipaumbele chake kwa macho yako mwenyewe. Ikiwa imezimwa wakati wa kuunganisha, staki haioni mkuu wa pili, uchaguzi haufanyiki, na swichi inapowaka inamkuta mkuu tayari yupo, inajiunga chini yake bila kumsumbua mtumiaji yeyote. Kipaumbele nacho ukishushe hata hivyo, kwa sababu 15 iliyosahaulika ndani ya mwanachama mpya haiwezi kumng'oa mkuu leo, lakini siku umeme utakapokatika na staki nzima kuwaka kwa pamoja, uchaguzi utafanyika na yeye ndiye atakayeshinda.

Anza na staki yenyewe. Toa nakala ya mipangilio nje kwa `copy running-config tftp:`, kisha mpe mkuu wa sasa kipaumbele cha 15 na unayemtaka awe mrithi wake 14. Kufanya hivyo hakuleti uchaguzi wala hakukati mtandao. Thamani hizo husubiri uchaguzi ujao. Kisha ishughulikie swichi ya akiba ikiwa mbali na kebo zozote za staki. Iwashe, tazama `show switch` ujue inajiita namba ngapi, na kama inajiita 1 andika hivi:

```
configure terminal
switch 1 priority 1
switch 1 renumber 3
end
write erase
delete flash:vlan.dat
reload
```

Ikikuuliza kama ihifadhi mipangilio kabla ya kujiwasha upya, jibu hapana, la sivyo itayaandika tena yale uliyoyafuta. Ikishawaka, tazama `show switch` kwa mara nyingine. Unataka kuona namba 3 na kipaumbele 1, na ukiona kitu kingine chochote usiendelee. Hiyo namba 3 ina kazi yake: mwanachama akifa, poti zake tu ndizo zinazokufa, lakini mipangilio ya poti hizo, yaani `Gi3/0/1` na kuendelea, hubaki ndani ya staki ikimsubiri mwenye namba hiyo. Swichi ya modeli ile ile ikija na namba 3, inapokea mipangilio ya marehemu bila wewe kuandika mstari mmoja. Ikija na namba 5, poti zake zitakuwa tupu. Thibitisha pia kwa `show version` kwamba toleo la IOS ni lile lile la wenzake, kwa kuwa likitofautiana inaweza kukwama katika hali ya `Version Mismatch`, ikawa inaonekana kwenye staki lakini haipitishi chochote.

Ndipo uizime, utoe iliyokufa, ufunge mpya, uchomeke kebo zote mbili za staki, na uwashe umeme mwishoni kabisa. Katika kipindi ambacho ile mbovu imetoka, duara la kebo limekatika sehemu moja na wanachama waliobaki wamebaki kama mnyororo. Usiguse kebo nyingine ya staki wakati huo hata kama imejipinda vibaya, kwa sababu ukikata sehemu ya pili unapata staki mbili zenye mipangilio ile ile na anwani ile ile ya IP, zikigombana katika mtandao mmoja.

Ikiwaka, tazama `show switch` mpaka namba 3 iandikwe `Ready`, kisha tazama `show switch stack-ring speed`. Ikisema `Full`, duara limefunga. Ikisema `Half`, kebo moja haijakaa sawasawa, na `show switch stack-ports` itakuonyesha ni upande upi. Kebo za watumiaji zirudishe baada ya hapo.